Chaza Waliokosa Saruji

Mwaka 2007, vifaranga wa chaza walianza kufa kwa mamilioni katika kituo cha Whiskey Creek, kando ya Ghuba ya Netarts, jimbo la Oregon nchini Marekani. Kituo hicho huvuta maji ya bahari hadi kwenye matangi, hutotolesha mayai humo, kisha huwauzia wafugaji wa chaza vifaranga. Mshukiwa wa kwanza alikuwa bakteria. Maji yakachujwa na kutibiwa, lakini vifaranga wakazidi kufa.

Fumbo lilifumbuliwa na upepo. Pepo za kaskazini zinapovuma wakati wa kiangazi, husukuma maji ya juu mbali na pwani ile, na maji baridi ya kilindini hupanda kushika nafasi yake. Vifo vilikuwa vikifuatana na siku hizo. Maji ya kilindini yana hewa ukaa nyingi: nyingine imetokana na viumbe vinavyooza gizani, nyingine ni ya moshi wa viwanda na magari, ambayo maji hayo yaliinyonya yalipokuwa juu miongo kadhaa iliyopita.

Hewa ukaa ikiyeyuka baharini huungana na maji na kuwa tindikali hafifu, ileile iliyomo kwenye soda ya chupa. Tindikali hiyo huachia chembe za haidrojeni, nazo huidaka kaboneti iliyomo majini na kuigeuza kuwa bikaboneti. Hapo ndipo chaza anapoumia, kwa sababu gamba lake ni chokaa, na chokaa hiyo hujengwa kwa kalisi na kaboneti. Kalisi bado imejaa tele baharini. Kaboneti ndiyo inayoadimika. Ni kama fundi mwenye mchanga wa kutosha uwanjani, lakini kila gari la saruji linakamatwa kabla halijamfikia. Chaza anaweza kutumia bikaboneti, ila lazima kwanza aitenge ile haidrojeni na kuitupa nje, na kazi hiyo inakula nguvu.

Hii haina maana kwamba bahari imekuwa kali kama ndimu. Tangu viwanda vianze, pH ya maji ya juu ya bahari imeshuka kutoka takriban 8.2 hadi 8.1, na kitu hakiitwi tindikali mpaka kishuke chini ya 7. Lakini kipimo hiki hudanganya macho: kushuka kwa 0.1 tu ni sawa na haidrojeni kuongezeka kwa takriban robo.

Kwa nini basi vifaranga wafe, na chaza wakubwa wastahimili? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon, Burke Hales na George Waldbusser, walishirikiana na Alan Barton wa kituo hicho kutafuta jibu. Kifaranga hujenga gamba lake la kwanza katika siku mbili hivi za mwanzo. Wakati huo hajaweza kujilisha, anategemea akiba iliyokuwa ndani ya yai. Kaboneti ikiwa haba, akiba hiyo huishia kwenye ujenzi wa gamba, na anafika siku ya kuanza kula akiwa hana nguvu. Kwa hiyo maji hayahitaji kufikia ukali wa kuyeyusha gamba ndipo yaue. Tena wengi hawafi papo hapo. Hudumaa, na vifo huonekana siku kadhaa baadaye, ndiyo maana chanzo kilichelewa kujulikana.

Baada ya hapo kituo kilianza kuyapima maji kabla ya kuyatumia. Kikajifunza kuvuta maji alasiri, kwa kuwa mchana kutwa nyasi bahari za ghubani huwa zimefyonza hewa ukaa, ilhali asubuhi maji ndiyo mabaya zaidi. Tena kikaanza kutia sodiamu kaboneti kwenye maji, kitu ambacho jikoni kwetu ni ndugu wa magadi ya kulainishia maharage. Uzalishaji ukarejea.

Matumbawe nayo hujenga kwa chokaa, na yanakabiliwa na uhaba huohuo. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2018, watafiti waliongeza hewa ukaa kwenye maji yanayopita juu ya mwamba wa Kisiwa cha One Tree, Australia, hadi kufikia kiwango kinachotazamiwa kuelekea mwisho wa karne hii. Ujenzi wa chokaa ulishuka kwa asilimia 34. Dalili yake haifanani na ile ya joto. Joto hupausha matumbawe yakawa meupe, mtu akayaona kwa macho. Uhaba wa kaboneti haubadilishi rangi: mwamba unaendelea kumomonyolewa na mawimbi na viumbe vinavyoutoboa, huku kasi ya kuujenga upya ikipungua. Na mwamba hauna tangi la kutiwa magadi wala mtu wa kuuchagulia maji ya alasiri.