Kilele cha Dawa Mwilini: Lini, na kwa Kiasi Gani?

Mtu mzima mwenye homa hapa Juba anakula, kisha anameza vidonge viwili vya parasetamoli, yaani miligramu 1,000. Saa moja inapita na homa haijashuka. Je, ameze vingine viwili? Kwanza tuulize dawa ya awali imefika wapi.

Dawa hutoka tumboni ikaingia damuni, kisha huondolewa, hasa na ini. Mwendo huu unafuata kanuni ya mimenyuko mfululizo ya daraja la kwanza: A huwa B, na B huwa C. "Daraja la kwanza" hapa si sifa ya ubora. Maana yake ni kwamba kasi ya kila hatua hulingana na kiasi kilichopo. B, iliyo katikati, huanza sifuri, hupanda, kisha hushuka. Kilele chake ni pale kinachoingia kinapolingana na kinachotoka.

Kasi k ya kila hatua hupatikana kwa kugawa 0.693 kwa nusumaisha, yaani muda wa nusu ya kiasi kwisha. Kutokana nayo tunapata wakati na ukubwa wa kilele:

```
t = ln(k1/k2) / (k1 - k2)
B = A0 × (k1/k2)^(k2/(k2 - k1))
```

Tuchukue nusumaisha ya kuondolewa kuwa saa 2.5, hivyo k2 ni 0.277. Tumbo likiwa tupu, tuseme nusumaisha ya kuingia ni nusu saa, na k1 ni 1.386. Kilele hufika baada ya saa 1 na dakika 27, kikiwa na miligramu 669. Chakula kikirefusha nusumaisha hiyo hadi saa moja, kilele huchelewa hadi saa 2 na dakika 12, na hushuka hadi miligramu 543.

Basi mgonjwa wetu, baada ya saa moja, ana miligramu 430 mwilini na 500 zingali tumboni. Akiongeza dozi, anaipandisha juu ya kilele ambacho bado kinakuja. Ndiyo maana huagizwa kusubiri angalau saa 4 na kutozidi gramu 4 kwa siku, kwani ziada huumiza ini.

Wanafunzi wajihadhari wasibadilishane k1 na k2. Wakati wa kilele hautabadilika, hivyo kosa hujificha, lakini ukubwa utakuwa miligramu 134 badala ya 669. Hakikisha kwa kulinganisha: kileleni, k1 mara A iwe sawa na k2 mara B. Na k1 ikiwa sawa na k2, kanuni hizi hugawa kwa sifuri. Hapo wakati ni 1/k, na kilele ni asilimia 37 ya dozi.