Barua ya Mhazini kwa Benki
Ndugu wanachama, tuseme kikundi cha akiba cha Muyinga kina akaunti Gitega, lakini kijitabu cha benki kimeandikwa jina la mwenyekiti peke yake. Hilo si kosa dogo: akifariki, warithi wake waweza kuzidai fedha hizo.

Katika barua, mhazini ataje namba ya akaunti, jina lililokosewa, na jina sahihi, herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye hati ya kikundi. Kisha awataje watia saini watatu, na kwamba fedha zitolewe kwa saini mbili. Aambatanishe muhtasari wa mkutano uliowachagua, pamoja na saini ya mwenyekiti aliyefungua akaunti. Neno la mhazini pekee halitoshi. Asirudi Muyinga bila nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.