Lori Moja, Injini Tatu Vitabuni

Nikipewa rejista ya mali za kampuni ya malori, huwa natafuta kwanza mistari inayofanana na hii: kichwa cha lori, 2016, ovahoo ya injini, 2020, ovahoo ya injini, 2024. Yote mitatu ni ya lori lenye namba moja ya usajili, na yote ina thamani na inaendelea kuandikiwa uchakavu. Kwa hesabu hizo lori lina injini tatu: iliyotoka nayo kiwandani, ya 2020 na ya 2024. Pistoni za kiwandani zilishatupwa zamani kwenye rundo la vyuma chakavu nyuma ya gereji, lakini vitabuni bado ziko barabarani.

Kosa hili ni la watu wanaojua nusu ya kanuni. Wahasibu wengi wanajua kwamba ovahoo kubwa haiandikwi kama matengenezo ya kawaida, bali inaingizwa kwenye mali. Kinachosahaulika ni upande wa pili, ambao Kiwango cha Kimataifa cha Uhasibu namba 16, yaani IAS 16, kinausema waziwazi: ukiingiza sehemu mpya, ondoa thamani iliyobaki vitabuni ya sehemu iliyotolewa. Tena unatakiwa uiondoe hata kama hukuwahi kuiandika sehemu hiyo peke yake. Hapo ndipo wengi wanapokwama, maana lori lilinunuliwa zima, kwa ankara moja na bei moja, na hakuna karatasi inayosema injini ilikuwa shilingi ngapi.

Kwanza tukubaliane ni kazi gani tunayoizungumzia. Kubadilisha oili, filta, gasketi iliyovuja au noza moja iliyokufa ni matengenezo ya kila siku, na gharama yake inakwenda moja kwa moja kwenye faida na hasara. Ovahoo ni kazi nyingine. Injini inashushwa na kufunguliwa yote. Laina, pistoni, ringi na beringi zinawekwa mpya, krenkshafti inapelekwa kuchongwa, silinda hedi inasawazishwa, na mara nyingi pampu na tabo navyo vinabadilishwa. Fundi anafikia uamuzi huo baada ya kuona injini inakula oili, inatoa moshi wa bluu na kompresheni imeshuka. Kazi hiyo ikiisha, injini inarudishiwa miaka kadhaa ya kufanya kazi, na miaka hiyo ndiyo inayoifanya gharama iwe mali.

Wapo wanaouliza: je, injini imeongezewa nguvu kuliko ilivyokuwa mpya? Ikiwa haijaongezewa, wanaandika gharama yote kama matengenezo. Hicho ni kipimo cha toleo la zamani la IAS 16. Toleo lililorekebishwa Desemba 2003, likaanza kutumika Januari 2005, lilikiondoa. Leo gharama hii inapimwa kwa maswali yaleyale yanayoulizwa siku ya kununua lori: je, kuna manufaa ya baadaye yanayotarajiwa kuifikia kampuni, na je, gharama yake inaweza kupimwa kwa uhakika? Ovahoo inayokurudishia nguvu uliyokuwa nayo inatosha.

Sasa tuchukue mfano. Januari 2021 kampuni ya Dar es Salaam inanunua kichwa cha lori kwa shilingi milioni 180, bila kodi ya ongezeko la thamani, kwa ajili ya mizigo ya kutoka bandarini kwenda Tunduma. Inakadiria kukitumia miaka kumi, kisha kukiuza kwa milioni 20. Zinabaki milioni 160 za kugawanywa kwa miaka kumi, kwa hiyo uchakavu ni milioni 16 kila mwaka. Mwisho wa Desemba 2025, baada ya miaka mitano kamili, vitabu vinaonyesha milioni 100.

Mwezi huohuo lori linazimika njiani karibu na Mikumi na injini inafanyiwa ovahoo. Bili nzima ni milioni 42. Mhasibu makini haiingizi yote kwenye mali kwa sababu tu karatasi imeandikwa ovahoo. Anaomba orodha ya fundi na kuisoma mstari kwa mstari. Ndani yake kuna gharama ya kulivuta lori, matairi mawili na brekilaini, jumla milioni 6. Hizo ni gharama za mwaka. Vipuri vya injini, kazi ya kuchonga na ufundi wa kushusha, kufunga na kuijaribu injini ni milioni 36. Hizo ndizo mali.

Inabaki sehemu ya zamani. Tuliilipia kiasi gani mwaka 2021? IAS 16 inatoa njia kwa asiyeweza kupata jibu la moja kwa moja: gharama ya sehemu mpya itumike kama kielelezo cha gharama ya ile ya zamani wakati iliponunuliwa. Neno muhimu hapo ni kielelezo. Ukichukua milioni 36 za leo kama zilivyo, utakuwa umetoa kwenye lori la 2021 bei ya 2025, na utakuwa umeondoa zaidi ya kile kilichoandikwa. Katika mfano wetu, muuza vipuri na gereji wanaonyesha bei zao za mwaka 2021, na kazi ileile ingegharimu milioni 30. Basi, kati ya zile milioni 180, milioni 30 zilikuwa za sehemu hizi zinazochakaa ndani ya injini.

Angalia kwamba sikusema ni bei ya injini nzima. Bloki imebaki palepale, na namba ya injini iliyomo kwenye kadi ya gari haijabadilika. Tunaondoa kile kilichotolewa au kilichokwisha maisha yake na kurejeshewa upya. Kama kampuni ingenunua injini nyingine kamili na kuifunga, ingeondoa thamani ya injini yote ya zamani, na ingelazimika pia kushughulikia mabadiliko ya namba kwenye usajili wa gari. Nimeona watu wakiondoa thamani ya injini nzima kwa sababu ya seti ya pistoni na laina. Hilo nalo ni kosa, ila limeelekea upande wa pili.

Milioni 30 hizo zimechakaa kiasi gani vitabuni? Zilikuwa zinaandikiwa uchakavu pamoja na lori, kwa miaka kumi. Pistoni zilizokwisha haziuziki kwa bei ya maana, kwa hiyo zile milioni 20 za kuuzia lori tunaziacha upande wa chesisi, kabati na vilivyobaki. Sehemu zetu zimebeba milioni 3 kwa mwaka, na kwa miaka mitano ni milioni 15. Zimebaki milioni 15.

Maingizo sasa ni mepesi. Gharama ya lori inakreditiwa milioni 30. Uchakavu limbikizi unadebitiwa milioni 15, na milioni 15 zilizobaki zinadebitiwa kama hasara ya kuondoa mali. Kisha ovahoo inaingizwa kwenye rejista kwa mstari wake, milioni 36, na benki au mdai anakreditiwa. Kama vyuma vya zamani vimeuzwa kwa shilingi laki 4, hasara inapungua hadi milioni 14 na laki 6. Fedha hizo haziandikwi kama mapato ya biashara. Lori lililokuwa na thamani ya milioni 100 sasa lina milioni 121: toa 15, ongeza 36.

Aliyesahau kuondoa anaonyesha milioni 136. Ziada ya milioni 15 ni ya vyuma visivyokuwepo, na itaendelea kuandikiwa uchakavu wa milioni 3 kila mwaka hadi 2030. Faida ya 2025 inakuwa imepambwa, na ya miaka inayofuata inalipa. Aliyeandika yote kama matengenezo yeye amepeleka milioni 42 kwenye mwaka mmoja, ilhali injini itazalisha kwa miaka kadhaa. Kuna benki zinazotazama thamani ya malori kabla ya kutoa mkopo, na picha zote mbili zinazipotosha.

Mkurugenzi akiona hasara ya milioni 15 huwa anashtuka, na mara nyingi hapo ndipo mhasibu anaposhinikizwa aiache. Ni haki aelezwe hasara hiyo imetoka wapi. Haikutokana na Mikumi. Kampuni ilikuwa inaandika uchakavu wa pistoni na laina kana kwamba zitadumu miaka kumi, wakati kazi ya barabara ile ilizimaliza kwa mitano. Kama siku ya kununua sehemu hizo zingetengwa na kupewa miaka mitano, zingebeba milioni 6 kila mwaka, na siku ya ovahoo zisingekuwa na salio lolote. IAS 16 inataka hivyo tangu mwanzo: sehemu ambayo gharama yake ni kubwa ikilinganishwa na mali nzima iandikiwe uchakavu wake yenyewe. Milioni 15 ni uchakavu uliochelewa kuandikwa.

Kwa hiyo kampuni yenye malori mengine ya aina hiyo, yanayokwenda njia hiyohiyo, isisubiri kila moja lizimike. Ishapata ushahidi kuhusu umri wa injini. Itenge sehemu hizo kwenye rejista sasa, ikadirie upya miaka iliyobaki, na uchakavu mpya uanze kuanzia hapo kwenda mbele bila kugusa hesabu zilizofungwa, ilimradi makadirio ya awali yalifanywa kwa nia njema na taarifa zilizokuwepo.

Milioni 36 mpya nazo zinahitaji umri wake. Muulize fundi kilomita anazotarajia, si miaka, kisha gawanya kwa mwendo halisi wa lori. Akisema kilomita 400,000, na lori linakwenda 100,000 kwa mwaka, ni miaka minne: milioni 9 kila mwaka. Ukijumlisha milioni 13 za sehemu nyingine ya lori, uchakavu wa 2026 ni milioni 22. Lakini fundi angesema ovahoo itadumu miaka saba, bado usingezidi mitano, kwa sababu lori lenyewe limepangiwa kuuzwa mwisho wa 2030.

Kodi ina utaratibu wake. Uchakavu unaokubaliwa na sheria ya kodi ya mapato hukokotolewa kwa viwango vya sheria hiyo, haufuati rejista hii, na hasara ya milioni 15 haipunguzi kodi kwa sababu tu imeandikwa vitabuni. Tofauti hizo zinakwenda kwenye hesabu ya kodi iliyoahirishwa.

Ikifika mwisho wa 2029 na injini ikahitaji kushushwa tena, ovahoo ya 2025 itakuwa imebaki na sifuri. Hata hivyo mstari wake uondolewe, milioni 36 za gharama na milioni 36 za uchakavu limbikizi, bila hasara yoyote. Na ikiwa injini itakufa mapema, mwisho wa 2028, zitakuwa zimebaki milioni 9. Zitaondolewa mwaka huohuo kama hasara, kabla ovahoo nyingine haijaingizwa.