Uteuzi kati ya Msingi wa Tundu na Msingi wa Shafti kwa Shafti Ndefu Yenye Sehemu Nyingi

Katika uhandisi wa mitambo, mkao wa shafti ndani ya tundu hupangwa kwa mifumo miwili. Katika mfumo wa msingi wa tundu, kipimo cha tundu hushikiliwa, hasa kwa alama H, na shafti hubadilishwa ili kupata nafasi au mbano unaotakiwa. Katika mfumo wa msingi wa shafti, shafti ndiyo inayoshikiliwa, kwa alama h, na matundu ndiyo yanayobadilishwa. Karakana nyingi huanza na mfumo wa kwanza kwa sababu ya gharama: rima moja na geji moja hutosha kwa kila kipenyo, na shafti hukerezwa au kusagwa kwa kipimo chochote. Makala haya yanaonesha hali ambayo sababu hiyo hupoteza nguvu, yaani pale sehemu kadhaa zenye mikao tofauti zinapokaa juu ya shafti moja ndefu yenye kipenyo kimoja.

Ichukuliwe shafti ya chuma yenye kipenyo cha milimita 40. Ncha zake mbili huzunguka ndani ya bushi. Kati ya bushi hizo kuna puli mbili zilizobanwa, na katikati ya puli hizo kuna gia inayozunguka kwa uhuru juu ya shafti. Kwa msingi wa tundu, matundu yote huwa H7, yaani kati ya 40.000 na 40.025. Sehemu za shafti zinazohitaji uhuru husagwa kwa f6, kati ya 39.959 na 39.975, na sehemu za puli kwa p6, kati ya 40.026 na 40.042. Shafti hupata kanda tano zinazopishana, ambazo tofauti zake ni mikroni 51 hadi 83 tu. Jicho haliwezi kuzitambua, na mifereji inayokatwa kati yake ili jiwe la kusagia lipate pa kuishia hudhoofisha shafti inayopinda mara kwa mara.

Tatizo kubwa zaidi ni la uunganishaji. Gia ya katikati sharti ipite juu ya mojawapo ya kanda za puli. Tundu lake kubwa kabisa ni 40.025, ilhali kanda hiyo haipungui 40.026. Kwa hiyo gia haipiti isipokuwa ipashwe moto, na ndivyo itakavyokuwa kila inapofunguliwa.

Kwa msingi wa shafti, fimbo nzima husagwa kwa h6, kati ya 39.984 na 40.000. Gia na bushi hupewa F7, kati ya 40.025 na 40.050, na puli hupewa P7, kati ya 39.958 na 39.983. Nafasi ya gia inabaki mikroni 25 hadi 66, na mbano wa puli mikroni 1 hadi 42, sawasawa na katika mfumo wa kwanza. Kilichobadilika ni kwamba gia sasa hupita kwa uhuru kutoka ncha yoyote.

Mfumo huu nao una gharama yake. Puli ikisukumwa ikiwa baridi, itakwaruza uso wote inaopita, ukiwamo ule unaozunguka ndani ya bushi. Mikwaruzo mirefu sambamba na shafti ndiyo dalili yake. Kitovu cha chuma cha kalibu kikizidi joto la shafti kwa nyuzi 150, tundu lake hutanuka takriban mikroni 66, kiasi kinachozidi mbano mkubwa kabisa, na puli hufika mahali pake bila kugusa. Wakati wa kuifungua, hata hivyo, uso huo huwa hatarini tena.

Sharti jingine ni ubora wa fimbo. Fimbo ya kuvutwa baridi ya h9 inaweza kupungua hadi mikroni 62. Ikiwekwa ndani ya P7, mkao unaweza kuwa na mbano wa mikroni 42 au nafasi ya mikroni 45. Fimbo ya namna hiyo inafaa kwa sehemu zenye uhuru, si kwa puli ya kubanwa. Upimaji wa kipenyo mahali kadhaa hubainisha jambo hili kabla ya kazi kuanza.

Uamuzi hubadilika iwapo ncha zinabebwa na beringi za gololi. Tundu la beringi ya kawaida ya milimita 40 huwa kati ya 39.988 na 40.000. Juu ya h6, beringi inaweza kulegea kwa mikroni 16, na ringi ya ndani inayozunguka chini ya mzigo huanza kuteleza, ikiacha vumbi la rangi ya kutu na uso uliong'arishwa. Hapo ncha hupunguzwa kipenyo na kusagwa kwa k6, huku sehemu ya kati ikibaki h6. Au beringi hufungwa kwa soketi yenye mteremko, ambayo hukubali hata h9.

Kwa hiyo swali la kwanza si mfumo upi ni rahisi, bali ni sehemu ipi inapita juu ya ipi. Iwapo sehemu yenye uhuru haina budi kupita juu ya kanda ya mbano, msingi wa shafti ndio unaofaa. Iwapo kipenyo kinaweza kupungua kwa ngazi kuelekea nchani, na kila sehemu ikaingia kutoka upande wake, msingi wa tundu hubaki wa gharama nafuu zaidi.