Miezi 18 ya Michango

Kampuni inapotangaza kupunguza wafanyakazi, swali la kwanza linalosikika kwenye korido ni la kiinua mgongo. Swali la fao la kukosa ajira huja baadaye sana, pengine mtu akiwa ameshasaini barua asiyopaswa kuisaini. Mambo haya mawili hulipwa na watu tofauti. Kiinua mgongo hutoka kwa mwajiri: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka aliomaliza kazini, na hesabu inaishia miaka 10. Fao la kukosa ajira hulipwa na Mfuko, na kwa wafanyakazi wa sekta binafsi Tanzania Bara, Mfuko huo ni NSSF.

Fao hili lilikuja na mabadiliko ya sheria ya mwaka 2018, yaliyoondoa fao la kujitoa. Zamani mtu akiacha kazi alichukua michango yake yote na kuondoka, hata kama ana miaka 30. Serikali ilipojaribu kuuondoa utaratibu huo mwaka 2012, wafanyakazi wa migodini walipiga kelele, na nawaelewa. Mtu aliyezoea mikataba mifupi huona pensheni kuwa ahadi ya mbali mno.

Sasa masharti yako hivi. Uwe raia wa Tanzania, uwe na umri chini ya miaka 55, uwe huna kazi nyingine, kazi uwe umeachishwa bila hiari yako, na uwe umechangia angalau miezi 18. Ukitimiza hayo unalipwa asilimia 33.3 ya mshahara wako kila mwezi, kwa miezi 6. Aliyechangia chini ya miezi 18 hulipwa mara moja tu, nusu ya michango yake.

Tumchukue mwendesha mtambo wa kiwanda cha plastiki anayelipwa shilingi 600,000 kwa mwezi. Kila mwezi anakatwa 60,000, na mwajiri anatakiwa kuongeza 60,000 yake, jumla 120,000. Amefanya kazi miezi 22, kisha kiwanda kimepunguza watu. Kwa hesabu yake atapata kama shilingi 199,800 kila mwezi, yaani karibu milioni 1.2 kwa miezi 6. Hazitoshi kuishi kama alivyozoea, lakini zinalipa kodi ya nyumba na unga wakati anabisha hodi kwingine.

Anafika ofisi ya NSSF, ofisa anafungua akaunti yake, na kwenye skrini inaonekana michango ya miezi 15. Miezi 7 haipo. Hati zake za mshahara zinaonyesha makato ya miezi yote 22, kwa sababu mwajiri alikata lakini hakupeleka. Hapa ndipo watu wengi huumia. Kukatwa ni jambo moja na kuchangiwa ni jambo jingine, na Mfuko hulipa kwa kuangalia fedha zilizoingia.

Deni hilo si la mfanyakazi. Sheria inamtaka mwajiri alipe michango yote, pamoja na adhabu ya kuchelewesha, na Mfuko una mamlaka ya kumfikisha mahakamani. Lakini ufuatiliaji huo unachukua muda, na mtu hana mshahara. Kwa hiyo taarifa ya michango inafaa kuombwa mapema, angali kazini, na kulinganishwa na hati za mshahara mwezi kwa mwezi. Mwezi mmoja uliochelewa huenda ni uzembe wa mhasibu. Miezi mitatu mfululizo ni dalili kwamba kampuni inaishi kwa fedha za wafanyakazi, na mara nyingi kampuni ya namna hiyo ndiyo itakayofuata kupunguza watu. Hati za mshahara zitunzwe nyumbani, zisibaki kwenye kompyuta ya kampuni, maana ndizo ushahidi kwamba makato yalifanyika.

Kuna kikwazo kingine, nacho kiko kwenye karatasi moja. Waajiri wengine huwaomba wafanyakazi waandike barua ya kujiuzulu, kwa ahadi ya kulipwa haraka au kupewa barua nzuri ya utambulisho. Ukisaini, umejitoa kwa hiari yako, na sharti la kuachishwa bila hiari limevunjika hata kama michango yako ni ya miaka 10. Barua inayokufaa ni ile inayotaja wazi kwamba umepunguzwa kazi na tarehe ya mwisho ya ajira. Sheria inamtaka mwajiri atoe notisi ya nia ya kupunguza wafanyakazi, aeleze sababu na azungumze nao au chama chao kabla ya kufikia uamuzi, kwa hiyo maneno hayo hayapaswi kumpa shida kuyaandika.

Anayeona kuachishwa kwake hakukuwa halali anapeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Siku hizo hazisubiri majibu ya NSSF, hivyo mashauri haya mawili yafunguliwe pamoja.