Wagonjwa Arobaini Wanaweza Kuthibitisha Nini?

Sentensi ya rasimu ya kwanza ilikuwa fupi na ya kuvutia: "Utafiti wetu wa awali umethibitisha kuwa ziara za nyumbani zinashusha shinikizo la damu kwa milimita 12 za zebaki." Sentensi za namna hii ni za kawaida katika sehemu ya takwimu za awali ya maombi ya ufadhili, na kwa kawaida anayeziandika hana nia ya kudanganya. Amefanya kazi kwa jasho, amepewa kurasa chache, na anahofia kwamba wapitiaji wa ombi watamkataa asipowaonyesha ushindi. Mfano unaofuatwa hapa umebuniwa kwa ajili ya mafunzo, lakini makosa yaliyomo ni ya kila siku.

Watafiti wa kliniki moja ya wilaya walitaka kujua kama wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaweza kuwatembelea nyumbani wagonjwa wenye shinikizo la juu la damu, kuwapima na kuzungumza nao kuhusu dawa zao. Wagonjwa 52 waliombwa kushiriki, 40 wakakubali, na baada ya miezi mitatu 31 walirudi kliniki kupimwa. Kwa hao 31, kipimo cha juu kilishuka kwa wastani kutoka 162 hadi 150. Hapakuwa na kikundi linganishi. Fedha zinazoombwa sasa ni za utafiti mkubwa utakaowagawa wagonjwa kwa bahati nasibu: nusu watembelewe, nusu waendelee na huduma ya kawaida.

Je, zile milimita 12 zimetoka wapi? Wagonjwa walichaguliwa kwa sababu siku ile kipimo chao kilikuwa juu. Shinikizo la damu hupanda na kushuka lenyewe, na mtu aliyechaguliwa siku ya kilele chake ana nafasi kubwa ya kupimwa chini zaidi siku nyingine, hata kama hakuna aliyemtembelea. Muuguzi yeyote aliyempumzisha mgonjwa dakika tano kisha akarudia kipimo amewahi kuona jambo linalofanana na hilo. Aidha, wagonjwa tisa hawamo katika wastani huo. Ikiwa kwao hakuna kilichobadilika, wastani wa wote 40 unashuka hadi milimita 9 hivi. Ikiwa hali yao ilizorota, unashuka zaidi. Inawezekana kabisa kwamba ziara zilisaidia. Lakini takwimu hizi haziwezi kutenganisha msaada wa ziara na mambo hayo mengine, na neno "umethibitisha" halina pa kusimama.

Mwongozo wa CONSORT wa mwaka 2016 unaohusu majaribio ya awali unaelekeza hivyo hivyo: utafiti mdogo wa aina hii huulizwa kama utafiti mkubwa unatekelezeka, wala hautumiki kupima rasmi kama tiba inafanya kazi.

Madhara ya kuipuuza tofauti hiyo huonekana pale hesabu ya idadi ya washiriki inapofanywa. Mabadiliko ya wagonjwa hao 31 yalitawanyika kwa mchepuko sanifu wa milimita 18. Mtafiti akiamini kwamba tofauti ya kweli ni 12, kanuni ya kawaida, yenye uwezo wa asilimia 80 wa kuigundua tofauti hiyo, itampa wagonjwa 36 tu kwa kila kikundi. Ombi litakuwa la bei nafuu na litapendeza. Sasa aanze upande mwingine: ajiulize ni tofauti gani ndogo kabisa ambayo daktari na mgonjwa wangeiona ina maana. Wakikubaliana kuwa ni milimita 5, wanahitajika wagonjwa 204 kwa kila kikundi. Utafiti wa watu 72 ukitafuta tofauti ya milimita 5 una nafasi ndogo sana ya kuiona. Utamalizika bila jibu, na watu hao watakuwa wamejitolea muda wao, damu yao na nauli zao bure. Kwa hiyo katika rasimu mpya idadi ya washiriki inatokana na ile tofauti yenye maana kwa mgonjwa. Tofauti iliyoonekana katika jaribio dogo haitumiki kupanga idadi hiyo.

Basi takwimu za awali zinabaki na kazi gani? Kazi kubwa, na nyingi yake imefichwa katika wale wagonjwa tisa. Rasimu ya kwanza iliwataja kwa nusu sentensi. Daftari la ziara linaonyesha kuwa watano kati yao walikuwa wamehamia mashambani msimu wa kilimo, wawili walibadilisha namba za simu na hawakupatikana, na wawili walijitoa kwa hiari, kwa kuwa hawakupenda majirani wamwone mhudumu akiingia kwao. Hakuna wataalamu wa takwimu ambao wangeweza kuyakisia haya wakiwa ofisini. Yamejulikana kwa sababu jaribio lilifanyika, na ndiyo yanayoonyesha kuwa watafiti sasa wanajua njia ya kupita.

Kabla ya kuanza, itifaki yao ilikuwa imeweka mpaka: wakibaki asilimia 70 au zaidi, utafiti mkubwa uendelee, kati ya 50 na 70, mpango urekebishwe kwanza, chini ya 50, usimame. Tarehe ya kuweka mpaka huo ni muhimu kuliko mpaka wenyewe, kwani mpaka unaochorwa baada ya matokeo kujulikana huwa haukosi kuvukwa. Waliobaki ni 31 kati ya 40, yaani asilimia 78. Hata hivyo, kwa watu wachache hivyo, kiwango halisi kinaweza kuwa popote kati ya asilimia 62 na 88. Ni hapa watafiti wengi husita kuandika mstari huo wa pili. Mpitiaji mzoefu atauhesabu mwenyewe kwa dakika moja. Ni heri aukute umeandikwa, pamoja na hatua iliyochukuliwa.

Aya iliyoandikwa upya ikawa hivi: "Kati ya wagonjwa 52 walioombwa, 40 walikubali, na 31 (asilimia 78, kiwango cha uhakika cha asilimia 95 ni 62 hadi 88) walipimwa baada ya miezi mitatu. Kiwango hiki kinavuka mpaka wa asilimia 70 uliowekwa kabla, ingawa hatuwezi kuondoa uwezekano wa kiwango cha chini zaidi. Watano kati ya tisa waliokosekana walikuwa mashambani. Kwa hiyo kipimo cha mwisho kitaepuka msimu wa kilimo, kila mshiriki atatoa namba ya ndugu, na anayependa atakutana na mhudumu zahanati. Kipimo cha juu kilishuka kwa wastani wa milimita 12 kwa waliopimwa. Bila kikundi linganishi, hatulichukulii hili kuwa ushahidi wa ufanisi, wala hatukulitumia kupanga idadi ya washiriki."

Aya hii ni ndefu kuliko ile sentensi moja, na ombi lenyewe limekuwa ghali: watafiti wanaopanga upotevu wa asilimia 30 watahitaji kuandikisha wagonjwa 292 kila upande ili wabaki 204, jambo linalolazimu kuongeza kliniki nyingine. Lakini kuna mlango ambao rasimu ya kwanza isingeupita. Sentensi za ombi hunakiliwa, mara nyingi neno kwa neno, hadi kwenye fomu ya ridhaa anayosomewa mgonjwa. Kama imekwisha kuthibitishwa kuwa ziara zinashusha shinikizo la damu, kamati ya maadili itauliza kwa haki kabisa kwa nini nusu ya wagonjwa wanyimwe. Mgonjwa naye, akiwa ameshika fomu na kalamu, ana haki ya kuuliza hivyo hivyo. Kwa rasimu ya pili, mhudumu anaweza kumjibu: bado hatujui kama ziara zinasaidia, ila tunajua kwamba watu wa hapa wanazikubali na kwamba tunaweza kuwapata tena baada ya miezi mitatu.