Gesi Yenye Kiu Isiyonyweshwa Maji

Mwanafunzi wa kidato cha nne anayesoma kemia hukutana na mlinganyo mfupi sana: SO3 + H2O → H2SO4. Gesi ya trioksidi ya salfa ikiungana na maji, hupatikana asidi ya salfuriki. Halafu ukurasa uleule humwambia kuwa kiwandani hakuna anayefanya hivyo. Gesi hupelekwa kwenye asidi nzito ambayo imekwisha kutengenezwa, na maji huongezwa baadaye, mahali pengine. Akiuliza kwa nini, hupewa jibu la mstari mmoja: joto lake ni kali mno.

Jibu hilo si la uongo, ila limeishia njiani. Trioksidi ya salfa ikiungana na maji hutoa joto la kutisha kweli. Kwa kila tani moja ya asidi inayotengenezwa, joto linalotoka linatosha kugeuza zaidi ya nusu tani ya maji yanayochemka kuwa mvuke. Lakini joto hilo halikwepeki kwa kubadili njia. Ukianza na gesi na maji, ukaishia na asidi, jumla ya joto ni ileile, uwe umepitia kwenye asidi au hukupitia. Kiwanda kinachotumia asidi kufyonza gesi hupata joto hilo lote, na ndiyo maana kina vipozeo vikubwa vinavyofanya kazi usiku na mchana. Kwa hiyo lazima kuwe na sababu nyingine.

Sababu hiyo iko juu ya maji, wala si ndani yake. Maji ya moto hayakai peke yake. Juu yake daima pana mvuke. Kwenye nyuzi 80 za Selsiasi, kani ya mvuke huo inakaribia nusu ya kani ya hewa tunayoivuta. Sasa leta trioksidi ya salfa hapo. Kabla haijagusa uso wa maji, inakutana na mvuke hewani, na kwa kuwa ina uchu wa maji kuliko karibu kitu chochote kingine, inaungana nao papo hapo. Asidi inazaliwa hewani. Inapopoa kidogo tu, inaganda kuwa vitone vidogo mno, vingi vikiwa na kipenyo kisichofikia mikroni moja, wakati unywele wa mtu una makumi ya mikroni. Huo ndio ukungu wa asidi.

Mtu angedhani kwamba kitone cha asidi kikishakuwepo, maji yatakidaka kwa urahisi. Ni kinyume chake, na hapa ndipo mambo yanapopendeza. Molekuli ya gesi hutangatanga huku na huku kwa kasi kubwa, hivyo ndani ya muda mfupi itaugusa uso wa kimiminika na kunaswa. Kitone cha ukungu ni kundi la mamilioni ya molekuli. Chenyewe ni kizito mno kutangatanga hivyo, na wakati huohuo ni chepesi mno kuanguka chini au kujigonga ukutani mkondo wa gesi unapokata kona. Hufuata hewa popote iendapo, kama moshi wa kuni unavyopenya paa la makuti bila kubaki humo. Mpulizie maji kutoka juu, mpitishe kwenye mnara mrefu, bado sehemu kubwa itatoka kupitia dohani na kuwashukia majirani. Gesi inayopenda maji kupita kiasi inatoroka majini kwa sababu ya mapenzi hayohayo.

Aliyeliweka jambo hili wazi ni Mjerumani Rudolf Knietsch, mkemia wa kampuni ya BASF mjini Ludwigshafen. Mwaka 1901 alieleza hadharani kazi ya miaka mingi ya kuufanya mchakato wa mguso uwe wa kiwandani. Kichocheo chake kilikuwa platini. Leo hutumika vanadi pentoksidi. Lakini ugunduzi wake kuhusu ufyonzaji haujapitwa na wakati. Alijaribu asidi za nguvu mbalimbali, akaona kwamba maji hayafyonzi vizuri, asidi dhaifu haifyonzi vizuri, na asidi kali kupindukia haifyonzi vizuri pia. Katikati, kati ya asilimia 97 na 99, gesi ilimezwa karibu yote.

Kwa nini hapo? Asidi ya salfuriki hushika maji kwa nguvu. Kadiri inavyokuwa kali, ndivyo maji machache yaliyomo yanavyokosa nafasi ya kutoka kama mvuke. Ikifika asilimia 98.3, mvuke wa maji juu yake umebaki kidogo mno. Kwenye nyuzi 80 haufikii hata sehemu moja ya elfu kumi ya ule ulio juu ya maji matupu. Ukivuka kiwango hicho, tatizo linageuka: sasa ni trioksidi ya salfa yenyewe inayoanza kutoka kwenye kimiminika. Asilimia 98.3 ndiyo sehemu tulivu kuliko zote, ambako asidi haitoi mvuke wa maji wa kutosha kutengeneza ukungu wala hairudishi gesi iliyokwisha kuimeza. Maji ya kuungana na gesi bado yamo, asilimia moja na nukta saba ya uzito wote, ila yamo ndani, yamefungwa. Gesi inalazimika kuyafuata huko.

Tuone hesabu yake kwa kiwanda kinachochoma salfa kutengeneza tani 1,000 za asidi kwa siku. Viwanda vya aina hiyo vipo Tenke Fungurume, katika ukanda wa shaba wa Kongo, ambako asidi hutumika kuyeyushia madini ya shaba na kobalti yatoke kwenye mawe. Wasomaji wa Dar es Salaam huenda wamewahi kuona salfa ya njano ikishushwa bandarini kupelekwa huko bara kwa malori.

Ili kupata tani 1,000 za asidi, kiwanda kinahitaji kufyonza takriban tani 816 za trioksidi ya salfa na kuongeza tani 184 za maji. Gesi inaingia chini ya mnara uliojazwa vipande vya kauri, ikiwa na joto la karibu nyuzi 200. Asidi ya asilimia 98.5 inamwagwa kutoka juu ikiwa na nyuzi 75 hivi, inatiririka juu ya kauri na kukutana na gesi njiani. Chukua tani 100 za asidi hiyo. Zikimeza tani 2 za gesi, nguvu yake inapanda hadi karibu asilimia 99, na joto lake linapanda kwa nyuzi ishirini na kitu au zaidi. Kumeza zaidi ya hapo si vizuri, maana asidi ingeingia kwenye eneo la kurudisha gesi. Kwa hiyo ili kumeza tani 816, lazima zizungushwe tani zipatazo 40,000 za asidi kila siku, yaani kama tani 1,700 kwa saa. Pampu kubwa kuliko zote kiwandani huwa ni hizi.

Chini ya mnara kuna tangi. Humo ndimo maji yanapoongezwa, asidi irudi asilimia 98.5, kisha ipite kwenye vipozeo na kupandishwa tena juu. Kiasi kinachozidi ndicho bidhaa. Mwalimu atashtuka, maana kila maabara ina onyo kwamba maji hayamwagwi kwenye asidi, bali asidi ndiyo imiminwe taratibu kwenye maji. Kiwandani maji yanaingizwa kwenye asidi kutwa kucha, lakini ni tani nane hivi kwa saa ndani ya mkondo wa tani 1,700, yakichanganywa palepale. Joto linagawanywa kwenye kimiminika kingi mno hata hakuna mahali panapochemka.

Jambo jingine ambalo vitabu vya shule hulikuza ni oleamu, H2S2O7. Husemwa kwamba gesi huyeyushwa kwenye asidi ikawa oleamu, kisha oleamu ikachanganywa na maji. Ukitazama hesabu ya juu, tani zetu 100 zingehitaji kumeza zaidi ya tani 6.6 za gesi ndipo maji yake yaishe na asidi ifike asilimia 100, na oleamu huanzia baada ya hapo. Mnara wa kawaida huishia kwenye tani 2. Oleamu hutengenezwa kwenye mnara wake wa pekee, pale tu inapokuwa na mnunuzi.

Mnara ukianza kukosewa, dalili ya kwanza ni moshi mweupe kwenye dohani, nao unaweza kuwa na visababishi vinavyopingana. Asidi ikishuka hadi asilimia 97 au chini yake, mvuke wa maji unarudi, na ukungu unafanyika ndani ya mnara. Ikipanda mno, gesi inapita bila kumezwa na kukutana na unyevu wa anga huko nje. Hapo mara nyingi weupe huanza mbali kidogo na mdomo wa dohani. Kisababishi cha tatu kiko mbali na mnara: hewa ya kuchomea salfa isipokaushwa vizuri, unyevu wake husafiri hadi mwisho na kugeuka ukungu. Ndiyo maana hewa yenyewe huoshwa kwa asidi kabla ya kuingia tanuruni. Juu ya mnara huwekwa vichujio vya nyuzi za kioo vya kunasa vitone, lakini vichujio hivyo vimewekwa kwa ajili ya mabaki, si kwa ajili ya mnara uliokosewa.

Mafundi wana kipimo rahisi: kijiti kikavu cha mbao nyeupe kinaingizwa kupitia tundu kwenye bomba la gesi baada ya mnara, kisha kinatolewa na kutazamwa. Madoa meusi yaliyotawanyika ni vitone vikubwa vinavyorushwa na mkondo. Kijiti kikibadilika rangi chote kuwa kahawia, huo ni ukungu mwembamba.

Kisichofaa hapa ni hidromita. Uzito wa asidi ya salfuriki kwa ujazo hupanda hadi karibu asilimia 97 au 98, kisha huanza kushuka. Kwenye nyuzi 20, asidi ya asilimia 95 na ya asilimia 99 zote huonyesha takriban 1.834. Fundi anayetegemea kifaa hicho anaweza kuongeza maji kwenye asidi ambayo tayari imezidi maji, na kuufanya moshi uwe mzito zaidi. Mnara huu upimwe kwa kifaa cha upitishaji umeme, na kila zamu sampuli ihakikiwe maabara.